Kupitisha malipo ya wiki nzima kwenye skripti mpya kabla ya kuiwasha

*"Wakuu, nina skripti itakayokuwa inafuta yenyewe malipo yaliyokwama. Kabla sijaiwasha nataka niipitishie malipo ya wiki moja ya nyuma nione ingeamua nini. Naanzia wapi?"*

Mkuu, nilifanya kazi kama hiyo nikiwa natunza mfumo wa malipo ya wanunuzi wa mahindi pale Kibaigwa. Mnunuzi analipa kwa simu, mfumo unaandika `PENDING` mpaka mtandao wa simu ulete uthibitisho, na mwenye mzigo haachii gunia hata moja kabla ya hapo. Skripti yetu ilikuwa ikimbie kila dakika 15 na kufuta malipo yoyote yaliyozidisha saa mbili bila uthibitisho.

Mara ya kwanza nilichukua malipo ya wiki moja ya mavuno kutoka kwenye jedwali lilivyokuwa siku ile, nikayarudisha yote kuwa `PENDING`, nikaikimbiza. Ikafuta 27, na yote 27 ni yale ambayo makarani waliyafuta kwa mkono. Hakuna lililokosewa. Nikamwonyesha dada mmoja wa kaunta, akaangalia orodha akasema, "Kaka, mbona Jumamosi usiku tulihangaika na malipo yaliyochelewa mpaka alfajiri? Humu hayamo."

Alikuwa sahihi. Safu ya uthibitisho ilikuwa tayari imejaa, kwa hiyo skripti ilipofika Jumamosi usiku ilikuwa inaona jibu lililokuja Jumapili. Ukipata matokeo yasiyo na doa namna hiyo, jua skripti yako inasoma mambo ambayo yalikuwa hayajatokea.

Dawa yake ni kuijenga upya hali ya kila dakika 15 kutoka kwenye jedwali la historia, lile linaloandika kila badiliko la kila malipo. Siku saba zinakupa vituo 672. Kila kituo unakipa saa yake, `:sasa`, na popote skripti inapotumia `now()` unaiwekea hiyo:

```sql
SELECT * FROM (
  SELECT DISTINCT ON (malipo_id)
         malipo_id, hali, saa
  FROM historia
  WHERE saa <= :sasa
  ORDER BY malipo_id, saa DESC
) h
WHERE hali = 'PENDING';
```

Hiyo ni ya PostgreSQL. Angalia sharti la `PENDING` limekaa nje. Ukiliweka ndani, utapata hata malipo yaliyokwisha kuthibitishwa, maana kila malipo yaliwahi kuwa `PENDING`. Na `saa` iwe ile ambayo taarifa ilifika kwenye mfumo wako, siyo ile ambayo mtandao umeandika kwamba mteja alilipa. Hizo mbili zinaweza kupishana kwa masaa, na ukitumia ya mtandao umerudi kulekule kwenye kuona ya kesho. Wiki ile ilipoanza Jumatatu asubuhi sisi hatukuwa na kiporo cha malipo; wewe ukiwa nacho kitaingia chenyewe, kwa kuwa hatujachuja kwa tarehe ya kuanza.

Skripti ikishaamua kufuta malipo, yaandike pembeni na uyaondoe kwenye vituo vinavyofuata. Historia haijui kwamba umeyafuta, itaendelea kukuletea yaleyale. Nilipolisahau hili nilipata maamuzi zaidi ya 400.

Nilipolirekebisha yakabaki 33. Kati ya hayo, 22 makarani nao waliyafuta baadaye. Matano mengine waliyoyafuta wao hayakufika hata saa mbili, mnunuzi alikuja mwenyewe kuomba. Yaliyobaki 11 ndiyo yaliyoninyima usingizi: uthibitisho wake ulikuja baadaye. Yaani tungefuta, mwenye mahindi angeuza kwa mwingine, na pesa ya mnunuzi imeshakatwa.

Nikayafungua moja moja. Tisa yalianza Jumamosi kati ya saa 4 na saa 7 usiku, na uthibitisho wake ukaja kwa mkupuo karibu saa 10 alfajiri. Nilijaribu kikomo cha saa saba, tisa hayo yakapona, lakini sasa malipo yaliyokufa kweli yanamweka mwenye mzigo kutwa nzima sokoni. Sikuona haki. Tukarudi kwenye saa mbili, ila skripti iulize mtandao kwanza kabla ya kufuta.

Hapo historia ikafika mwisho wake. Wiki ile hakuna aliyeuliza, kwa hiyo hakuna jibu la kurudisha, na usilitunge. Tuliiwasha kwa wiki moja iulize kweli, lakini badala ya kufuta iandike tu "ningefuta". Ndipo tukagundua mtandao wakati mwingine hujibu kwamba muamala haujulikani, kisha baada ya muda muamala huohuo unathibitishwa. Jibu hilo tukaacha kulihesabu kuwa malipo yameshindwa. Malipo ya aina hiyo yanakwenda kwa karani.