Linki ya malipo kwa sisi tunaouzia WhatsApp: jinsi ninavyoitengeneza mimi

«Wadau, nauza madera kupitia WhatsApp na Instagram hapa Mombasa. Mteja wa Dubai kaniambia nimtumie linki ya malipo. Ndiyo kitu gani, na naitengeneza vipi bila kuwa na tovuti?»

Dada, tovuti huhitaji. Linki ya malipo ni anwani ya ukurasa mmoja tu unaokaa kwa kampuni ya malipo, na ukurasa huo tayari unajua jina la duka lako, bidhaa na bei. Mteja akibonyeza anachagua M-PESA au kadi. Wa hapa nyumbani akichagua M-PESA, anaandika namba ya simu, ombi linamtokea kwenye simu yake, anaweka PIN na kazi imeisha. Wa Dubai anaandika namba za kadi yake. Hapo ndipo linki inapoishinda namba ya Lipa na M-PESA: yule asiye na laini ya Safaricom naye anaweza kukulipa.

Mimi nauza vikoi na natumia Paystack, kwa hiyo naeleza ninayoyajua. Kufungua akaunti niliwapa kitambulisho, PIN ya KRA na akaunti ya benki ya kupokelea. Kwa sababu mteja wako yuko nje, hakikisha mapema kwamba akaunti yako imeruhusiwa kupokea kadi za nje.

Ukiingia kwenye dashibodi, tafuta Payment Pages, fungua ukurasa mpya wa malipo ya mara moja, andika jina la bidhaa, maelezo mafupi, na bei. Bei usiiache wazi. Ukiiacha, mteja ndiye anayejaza kiasi, na utaletewa 1,800 pale ulipotarajia 2,100 kwa sababu alisahau nauli ya kumpelekea mzigo. Mimi hujumlisha kabisa: kikoi 1,800, kupeleka 300, ukurasa unasema KSh 2,100. Ongeza pia sehemu ya kujaza namba ya simu na mahali pa kupelekewa, usije ukapokea pesa ukabaki kuuliza ni za nani. Mwisho wa anwani unaweza kuuchagua mwenyewe, uwe kitu kinachosomeka:

```
https://paystack.shop/pay/kikoi-buluu
```

Kabla ya kuituma, angalia kama akaunti iko Test Mode au Live Mode. Linki yangu ya kwanza niliitengeneza nikiwa kwenye majaribio. Mteja aliniambia amejaribu mara tatu na hakuna ombi lililokuja kwenye simu yake. Mimi nikalaumu mtandao, kumbe ukurasa wenyewe haukuwa wa pesa halisi. Tangu siku hiyo najilipa mwenyewe shilingi chache kwa linki ya bei ndogo iliyo Live kabla ya kuanza kuzisambaza nyingine.

Jambo lililonigharimu zaidi ni hili: ukurasa wa kawaida haufungi baada ya mtu kulipa. Niliweka kikoi kimoja, cha pekee, kwenye stetasi ya WhatsApp. Wawili wakalipa, wa pili dakika chache baada ya wa kwanza, na nikalazimika kumrudishia mmoja pesa na kumwomba radhi. Sasa mzigo wenye idadi ndogo nauingiza kama bidhaa yenye hesabu ya stoki, na kwa oda ya mtu mmoja natuma ombi la malipo lenye jina lake, Payment Requests, ambalo likilipwa limelipwa. Ukurasa wa kawaida nauacha kwa vitu nilivyo navyo vingi, na ndio ninaoweka kwenye wasifu wa Instagram.

Unapotuma usiitupe linki peke yake. Watu wameshatapeliwa, na wana haki ya kuogopa. Mimi huandika hivi: «Habari dada, hii ni linki ya kikoi chako cha buluu, jumla 2,100 pamoja na kupelekewa. Ukifungua utaona jina la duka letu. Ukiona jina jingine usilipe, nipigie.»

Akikutumia skrinshoti ya malipo, usifunge mzigo. Fungua Transactions, tafuta kiasi na jina, na uone kama imeandikwa Success. Pesa yenyewe haikufikii papo hapo. Inakaa kwao kwanza kisha inaingizwa benki, ikiwa imeshakatwa ada, na ada ya kadi ya nje ni kubwa kuliko ya M-PESA. Soma viwango vyao ndipo upange bei ya mteja wako wa Dubai.

Na kwake yeye weka risiti ya kampuni ya mizigo na namba ya kufuatilia. Mwenye kadi anaweza kwenda benki yake akapinga malipo hata wiki kadhaa baadaye, na utakachoulizwa ni ushahidi kwamba madera yalifika.