Walisukumana wenyewe?

"Mdogo wangu alivunjika mguu watu walipokanyagana kwenye tamasha Nairobi. Mwandaaji anasema walisukumana wenyewe. Tunaweza kumdai?"

Poleni sana, ndugu yangu. Mnaweza, na utetezi huo ni dhaifu. Sheria ya Kenya inamtaka anayesimamia eneo ahakikishe mgeni yuko salama kwa kiasi cha kuridhisha, na umati kusukumana mlangoni ni jambo linalotabirika. Mjini Moshi, Tanzania, tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walikufa kwenye ibada wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Mkusanyiko ukielekezwa sehemu moja nyembamba, hatari inajulikana mapema.

Kwa hiyo msibishane kuhusu nani alimsukuma nani. Thibitisheni mpangilio: tiketi zilizouzwa zilizidi nafasi? Lango gani lilifungwa kwa kufuli? Walinzi walikuwa wapi? Tafuteni video za simu leo, kwani watu huzifuta. Tunzeni tiketi, karatasi za hospitali na risiti, na mripoti polisi mpate fomu ya P3.

Mwenye uwanja naye anaweza kushtakiwa pamoja na mwandaaji. Muda wa kufungua kesi ni miaka 3, ila dhidi ya serikali ni miezi 12 tu. Kama uwanja ni wa serikali, muoneni wakili wiki hii.