Gawio kutoka kampuni tanzu: "limeshakatwa kodi huko" sio msamaha

SWALI: Habari mtaalamu. Kampuni yetu ina asilimia 80 ya kampuni tanzu iliyoko nchi nyingine, hisa tulinunua miezi saba iliyopita kwa mkopo wa benki. Juzi wametulipa gawio la milioni 100, wakakata kodi ya zuio asilimia 10. Mhasibu wetu anasema ni mapato ya kawaida tulipe asilimia 30, mshauri wa nje anasema tusihangaike, limeshakatwa kodi huko na kampuni ni yetu wenyewe. Nani yuko sahihi?

JIBU: Wote wawili wamekurupuka, ila mhasibu wako angalau kakosea upande usioleta faini. Huyo mshauri ndo ananiumiza kichwa, maana hiyo sentensi ya "limeshakatwa kodi huko" naisikia kila msimu wa ritani na inachanganya vitu viwili ambavyo sheria imevitenganisha makusudi.

Kuna nchi zinasema gawio kutoka kampuni ambayo una hisa za kutosha ndani yake halihesabiwi kabisa kama mapato ya kutozwa. Hapo unaulizwa kwanza kuhusu hisa zako: ni asilimia ngapi, umezishika tangu lini, ni hisa za aina gani. Baadhi zinaongeza sharti kwamba kampuni tanzu nayo iwe inatozwa kodi ya kampuni ya kueleweka, lakini hilo linaongezwa juu ya mengine, haliyafuti. Nchi nyingine zinasema gawio ni mapato kama mapato mengine, lete lote, halafu kodi iliyolipwa nje tutakupunguzia kwenye kodi yako. Ni kwenye mfumo huu wa pili ndo kodi iliyokatwa kule inakuwa hoja yenyewe. Mshauri wako kachukua sababu ya mfumo wa pili akadai nayo matokeo ya mfumo wa kwanza.

Tuweke namba zako uone tofauti. Tuseme fungu lenu la faida ya kampuni tanzu lilikuwa milioni 125, ikalipa kodi ya kampuni asilimia 20 yaani 25, ikabaki 100 ndo gawio lenyewe. Zuio likala 10, mkononi mmepata 90. Mkipata msamaha, kwenu hamlipi kitu, mnabaki na 90, ila ile 10 ya zuio kwa kawaida ndo imeenda, huwezi kuidai ikupunguzie kodi ambayo haipo. Mkitozwa kama mapato ya kawaida bila punguzo lolote ni 30 kwenye gawio zima, sio kwenye 90 zilizofika benki, mnabaki na 60. Sheria ikiruhusu kupunguza zuio tu, mnalipa 20 mnabaki na 70. Ikiruhusu na ile kodi ya kampuni iliyolipwa na kampuni tanzu, unarudi kwenye faida ya 125, asilimia 30 yake ni 37.5, toa 25, toa 10, unalipa 2.5 na kubaki na 87.5. Kwa hiyo hata mhasibu kusema tu "lipa asilimia 30" hajamaliza kazi, alitakiwa aulize cheti cha kodi ya zuio kiko wapi na kampuni tanzu ililipa kodi kiasi gani.

Sasa asilimia 80. Watu wakisikia kiwango ni asilimia 10, kama ilivyo kwenye maagizo ya Umoja wa Ulaya kuhusu kampuni mama na kampuni tanzu, au 5 kama Uholanzi, wanaona wao wameshavuka mara nane wanafunga faili. Asilimia ni sharti moja tu! Luxembourg kwa mfano inataka hisa zishikwe miezi 12, na wewe una saba. Hapo hujakosa bado, kwa sababu sheria yao inakubali gawio lisamehewe kabla miezi haijatimia mradi kampuni imejifunga kuendelea kushika hisa mpaka itimie, lakini mkiuza sehemu mkashuka chini ya kiwango mkiwa mmezishika miezi kumi tu msamaha unageuka deni. Angalia sheria yenu inasemaje kuhusu muda, na kama inaruhusu kujifunga hivyo, basi iwe kwenye minitsi za bodi kabla ya ritani sio baada ya barua ya ukaguzi.

Kitu cha pili ambacho hukukitaja, na karibu hakuna anayekitaja: hiyo milioni 100 yote ni gawio la hisa za kawaida? Kampuni nyingi zikinunuliwa sehemu ya pesa inaingizwa kama hisa za upendeleo zenye malipo ya kila mwaka yasiyobadilika, na kwenye baadhi ya nchi kampuni tanzu inaruhusiwa kuyatoa malipo hayo kwenye faida kabla ya kodi kama riba. Kwako yameandikwa gawio kwao yameandikwa gharama, yaani hakuna nchi hata moja iliyoyatoza. Umoja wa Ulaya uliziba hilo tundu mwaka 2014, kiasi ambacho kampuni tanzu imekitoa kama gharama kampuni mama haisamehewi, na nchi nyingine nyingi zina kanuni kama hiyo. Kulijua ni rahisi, omba hesabu ya kodi ya kampuni tanzu, sio taarifa ya fedha tu, tafuta mstari wa riba au malipo kwa wanahisa. Kama milioni 30 kati ya zako 100 zimepita hapo, msamaha unagusa 70 na zile 30 zinaingia kwenye mapato, kodi 9.

Halafu huo mkopo. Mapato yakisamehewa, sheria nyingi zinakuzuia kutoa gharama zilizoyazalisha. Ukilipa riba ya milioni 18 kwa mwaka kwa ajili ya kununua hizo hisa na ikakataliwa, faida yako inapanda kwa 18 na kodi kwa 5.4. Ujerumani wameenda njia nyepesi, asilimia 5 ya gawio inahesabiwa kuwa gharama isiyokubalika, kwa hiyo msamaha unakuwa wa asilimia 95 na hamgombani kuhusu riba ipi ni ya nini. Kwenye milioni 100 ni 5 za kutozwa, kwa kiwango chenu ni kodi ya 1.5. Mtu anayekuambia gawio ni bure bila kuuliza pesa ya kununulia hisa ilitoka wapi hajafanya hesabu, amebahatisha.

Na hawa hawa ndo wanauza ile "plani" ya kununua hisa wiki moja kabla ya gawio kutangazwa ili kufikisha kiwango, unapokea gawio lisilo na kodi, bei ya hisa inashuka kwa sababu pesa imetoka, unauza kwa hasara na hasara unaitoa kwenye biashara yako nyingine. Kwenye karatasi inapendeza sana. Mkaguzi anafungua rejista ya wanahisa, anaona tarehe ya kuingia, tarehe ya gawio, tarehe ya kutoka, na kwenye sheria nyingi zenye msamaha wa aina hii hasara ya kuuza hisa zile zile haikubaliwi tangu mwanzo, bado haujagusa kifungu cha kuzuia mipango isiyo na biashara ya kweli ndani yake. Konsaltanti wakati huo ada yake ameshachukua, na sahihi kwenye ritani ni ya mkurugenzi.

Wewe kusanya rejista ya wanahisa, azimio la gawio, cheti cha zuio, hesabu ya kodi ya kampuni tanzu na mkataba wa mkopo, mpe mhasibu wako, na mwambie aandike gawio kwenye ritani hata kama analiondoa kwa msamaha. Lisiachwe nje kimya kimya.