Kosa limevuka kikomo: salio la Lagrange na ile c isiyojulikana

Swali: Mwalimu, nimejenga polinomia ya Taylor ya digrii 3 kwa ln x kuzunguka nukta 1, niitumie kati ya 0.8 na 1.2. Kwa kikomo cha kosa nilichukua derivativi ya nne pale kwenye 1, ambayo ni 6 ukiacha alama ya hasi, nikapata 0.0004. Kwenye 1.2 kikokotoo kinakubaliana nami. Kwenye 0.8 kosa ni karibu 0.00048. Nimekosea wapi? Na nitachaguaje digrii nikitaka kosa lisizidi 0.000001?

Jibu: Polinomia yako haina tatizo. Tatizo liko mahali ulipopimia derivativi ya nne, na inafaa tupaangalie kwa utulivu, kwa sababu kanuni ya salio ina herufi moja ambayo wengi huipita haraka.

Tuanze na kilichopo. Derivativi za ln x ni 1/x, kisha −1/x², kisha 2/x³, kisha −6/x⁴. Kwenye 1 tatu za kwanza zinatoa 1, −1 na 2. Ukigawa kila moja kwa faktoria yake unapata

P₃(x) = (x − 1) − (x − 1)²/2 + (x − 1)³/3

Salio, yaani ln x toa P₃(x), Lagrange aliliandika hivi:

R₃(x) = f⁽⁴⁾(c)/4! · (x − 1)⁴

Hapa c ni nukta fulani iliyo kati ya 1 na x. Kanuni haisemi c ni 1, wala haisemi c ni x. Inasema tu kwamba nukta ya namna hiyo ipo mahali fulani katikati, na kila x ina c yake. Kwa hiyo swali la kujiuliza si "derivativi ya nne ni kiasi gani kwenye kitovu?" Swali ni "kati ya kitovu na x, derivativi ya nne inaweza kufikia ukubwa gani?" Ukubwa huo wa juu kabisa ndio huitwa M, na kikomo ni M/4! mara |x − 1|⁴.

Kwa fanksheni yako, weka derivativi ya nne mahali pake na salio linakuwa

R₃(x) = −(x − 1)⁴ / (4c⁴)

Sasa angalia pande mbili kila mmoja peke yake, maana hazifanani hata kidogo.

Upande wa kulia, x = 1.2, c iko kati ya 1 na 1.2. Kadiri c inavyokua ndivyo 1/c⁴ inavyopungua, kwa hiyo ukubwa wa juu unapatikana pale kwenye 1. Ulipoweka c = 1 ulipata 0.0016/4 = 0.0004, nacho ni kikomo halali. Ulifika mahali sahihi kwa sababu tu upande huo kitovu ndicho chenye thamani kubwa kuliko zote.

Upande wa kushoto, x = 0.8, c iko kati ya 0.8 na 1. Huko 1/c⁴ inakua kadiri unavyoondoka kwenye kitovu. Kwa hiyo kuweka c = 1 kunakupa thamani *ndogo* kuliko zote zinazowezekana. Ile 0.0004 yako, upande huo, ni sakafu: kosa halisi lazima liizidi, na kikokotoo kimekuonyesha hivyohivyo. Dari linapatikana kwenye c = 0.8. Huko c⁴ ni 0.4096, na kikomo kinakuwa 0.0016/(4 × 0.4096), karibu 0.00098. Kosa halisi ni 0.000477, limekaa vizuri kati ya 0.0004 na 0.00098.

Ningependa usiache sakafu hiyo ipotee bure, kwani wengi huhesabu dari tu. Upande wa kulia nao una sakafu yake: weka c = 1.2 upate karibu 0.000193. Tena salio lina alama ya hasi pande zote mbili, kwa sababu (x − 1)⁴ na c⁴ ni chanya daima, kwa hiyo P₃ inazidi ln x kila mahali isipokuwa kwenye 1 yenyewe. Hivyo kwenye 1.2, ambako P₃ ni 0.182667, unajua bila kugusa kitufe cha ln kwamba thamani ya kweli iko kati ya 0.182667 − 0.0004 na 0.182667 − 0.000193, yaani kati ya 0.182267 na 0.182474. Thamani yenyewe ni 0.182322. Habari hiyo ni nzito kuliko kusema tu "kosa halizidi 0.0004".

Kabla ya kuongeza digrii, hakikisha polinomia uliyoiandika kwenye kompyuta ndiyo uliyokusudia. Kuna kipimo chepesi: punguza umbali kutoka kwenye kitovu uwe nusu, uone kosa linashuka mara ngapi. Salio la digrii 3 lina kipeo cha nne, kwa hiyo linapaswa kushuka karibu mara 16.

```python
from math import log
def p3(x):
    h = x - 1
    return h - h**2/2 + h**3/3
for x in (0.8, 0.9, 1.1, 1.2):
    print(x, log(x) - p3(x))
```

Kwenye 0.9 kosa ni karibu 0.0000272, kwa hiyo kutoka 0.8 limeshuka mara 17.5. Kwenye 1.1 ni karibu 0.0000232, na kutoka 1.2 limeshuka mara 14.9. Hazikutimia 16 kamili kwa sababu c nayo inasogea x inaposogea, lakini zimezunguka hapo. Kama ungeona kosa linashuka karibu mara 8 tu, ujue kizigeu cha kipeo cha tatu kimeharibika. Mara nyingi ni mtu kuandika 2 pale panapotakiwa 2/3!, yaani kusahau faktoria. Likishuka mara 4, tafuta kwenye kipeo cha pili.

Sasa digrii ya kufikia 0.000001. Derivativi ya ngazi ya n + 1 ya ln x ina ukubwa wa n!/xⁿ⁺¹. Ukiigawa kwa (n + 1)! inabaki 1/((n + 1)xⁿ⁺¹), na salio linakuwa na ukubwa wa

|x − 1|ⁿ⁺¹ / ((n + 1) cⁿ⁺¹)

Upande mbaya zaidi ni wa kushoto, x = 0.8, na dari liko c = 0.8. Kwa kuwa 0.2/0.8 ni 0.25, dari ni 0.25ⁿ⁺¹/(n + 1). Digrii 7 inatoa karibu 0.0000019, haitoshi. Digrii 8 inatoa karibu 0.00000042, inatosha. Jibu la Lagrange basi ni digrii 8, na ukiishia hapo hakuna atakayekulaumu.

Lakini dari hilo limechukulia c iwe mahali pabaya kuliko pote, na kwa ln x tunaweza kubana zaidi. Andika h = 1 − x kwa upande wa kushoto. Mfululizo kamili ni

ln x = −(h + h²/2 + h³/3 + h⁴/4 + …)

Vipengele vyote vina alama moja. Ukikata baada ya kipeo cha n, kilichoachwa kinaanza na hⁿ⁺¹/(n + 1), na kila kigawanyo kinachofuata ni kikubwa kuliko n + 1. Basi ukiweka n + 1 chini ya vyote unapata jumla iliyo kubwa kuliko mabaki, nayo ni mfululizo wa kijiometri unaojumlishika mara moja:

mabaki ≤ hⁿ⁺¹ / ((n + 1)(1 − h))

Kwa h = 0.2 na n = 7, upande huo unatoa 0.0000004. Kulia, derivativi inapungua kadiri unavyoenda mbali na kitovu, kwa hiyo c = 1 inatoa dari la 0.2⁸/8, yaani 0.00000032. Digrii 7 inatosha pande zote mbili. Digrii 6 haiwezi kutosha kwa njia yoyote, kwa sababu kwenye 0.8 kipengele cha kwanza kilichoachwa, 0.2⁷/7, peke yake ni karibu 0.0000018, na vinavyokifuata vinaongeza tu.

Tofauti ya digrii moja huenda ukaiona ndogo. Ukipanua eneo lako inakuwa kubwa mno. Chukua x = 0.4. Dari la Lagrange sasa lina 0.6/0.4, yaani 1.5, na unapata 1.5ⁿ⁺¹/(n + 1). Kwa digrii 3 ni karibu 1.27, kwa digrii 9 ni karibu 5.8. Kadiri unavyoongeza kazi ndivyo kikomo kinavyozidi kuwa kibaya! Ukikiamini utadhani polinomia inaharibika. Lakini kosa halisi la digrii 3 hapo ni 0.064 tu, na kwa njia ya kijiometri digrii 9 haizidi 0.0016. Polinomia inaendelea kukaribia. Ni kikomo kilichokimbia. Hali hiyo inaanza mara tu x inaposhuka chini ya 0.5, ambako umbali kutoka kitovuni unazidi x yenyewe. Usichanganye na upande wa pili, x ikizidi 2: huko vipengele vyenyewe vinakua bila mwisho, na hakuna kikomo cha aina yoyote kitakachookoa polinomia iliyojengwa kuzunguka 1.

Historia inaeleza kidogo kwa nini salio huonekana kama nyongeza. Taylor alichapisha mfululizo wake mwaka 1715 bila salio lolote, na umbo hili la Lagrange lilichapishwa mwaka 1797.

Kama kweli unahitaji kufika 0.4 kwa usahihi wa 0.000001, njia ya kijiometri inadai digrii 22. Sikushauri. ln 0.4 ni ln 0.8 toa ln 2, na ln 2 ni 0.69314718, namba unayoweza kuihifadhi mara moja. Polinomia ya digrii 7 uliyokwisha kuipatia kikomo itashughulikia 0.8, na kosa litabaki lilelile la 0.8, pamoja na tarakimu ulizokata kwenye ln 2.