EVA hasi 12: angalia matangazo kwanza

"Wakuu, divisheni yetu ya kukaanga kahawa hapa Moshi ina faida ya uendeshaji milioni 90, kodi 27, mtaji 500 kwa asilimia 15, mbona EVA, yaani faida baada ya kodi ukitoa gharama ya mtaji, ni hasi 12?"

Mkuu, ile milioni 40 ya kutangaza pakiti mpya mmeikata yote mwaka huu wakati italeta wateja miaka 4, irudishe kwenye faida halafu kata 10 tu, unapata 120, toa kodi 27 inabaki 93. Ila hapa ndo wengi wanachemka, mtaji nao unapanda hadi 540 kama hela ya matangazo ililipwa Januari, mara asilimia 15 ni 81. Kwa hiyo chanya 12. Na riba ya benki usiikate tena, imo tayari kwenye hiyo 15.