Kubana video ya tafakari ili mwenye bando dogo aweze kuitazama

Katika kundi la WhatsApp la usharika wetu, wengi wamezima upakuaji wa moja kwa moja. Video ya tafakari huwafikia kama picha yenye ukungu iliyoandikwa ukubwa wake, na mwenye bando dogo huamua hapo hapo kwa kuangalia idadi ya MB, kabla hajajua kama ni Zaburi au tangazo la mazishi.

Dakika moja iliyorekodiwa kwa simu katika ubora wa 1080p inaweza kuzidi MB 100. WhatsApp huibana inapotumwa kwa njia ya kawaida (ukiituma kama hati haibanwi kabisa), lakini mimi hupendelea kuibana mwenyewe kwanza, kwa sababu ndipo ninapoamua kipi kipunguzwe. Kwa mhubiri aliyeketi mbele ya ukuta, picha hutoshelezwa na kilobiti 400 kwa sekunde na sauti 64. Jumla yake 464, ukizidisha kwa sekunde 60 na kugawanya kwa 8, kwa kuwa baiti moja ni biti 8, unapata kilobaiti 3,480, yaani takriban MB 3.5. Kwenye kompyuta yenye programu ya ffmpeg, amri ya video iliyosimama wima ni hii:

```
ffmpeg -i asili.mp4 -vf scale=480:-2 -r 25 -c:v libx264 -b:v 400k -c:a aac -ac 1 -b:a 64k ndogo.mp4
```

Kinachokula biti zaidi ni mwendo. Video hubanwa kwa kuhifadhi zaidi yale yanayobadilika kutoka fremu moja hadi nyingine, kwa hiyo ukuta mtupu haugharimu karibu chochote, ilhali mishumaa inayowaka, mawimbi ya bahari au nyota zinazomeremeta nyuma ya mstari wa Biblia huzinyang'anya herufi na uso wa mhubiri biti zao. Utalitambua tatizo hilo ukiona vigae vya mraba kwenye mashavu na kingo za maandishi zikitetemeka. Wapenzi wa mapambo hawatanielewa, lakini mimi huweka picha tuli, naisimamisha simu kwenye kishikio, na maandishi nayaandika kwa herufi nene, mbali na ukingo wa juu na wa chini, ambako stetasi huweka jina na sehemu ya kujibu.

Bana kutoka faili la asili, kamwe si nakala iliyokwisha kuzunguka kwenye makundi, kwa kuwa kila kubanwa upya huongeza hasara. Kisha itume kwa simu nyingine ya bei nafuu, usome ukubwa ulioandikwa pale, na uisikilize kwa spika ya simu hiyo.

Kwaya inayocheza haitavumilia kilobiti 400. Hiyo naipa 800, yaani karibu MB 6.5 kwa dakika pamoja na sauti, na chini yake naambatisha sauti pekee, ambayo kwa kilobiti 64 haifiki hata nusu MB.