Kusoma jumbe za mpangaji: kipi hakijatengenezwa, kipi kiliahidiwa

"Wakuu, nimekabidhiwa nyumba na wakala aliyeondoka. Mpangaji wa mle ameandika malalamiko ya matengenezo kwa miezi mitatu, yamechanganyika na salamu na habari za kodi. Kabla sijaonana naye nataka orodha ya mambo ambayo hayajamalizwa na yale aliyoahidiwa. Mnasomaje kitu kama hiki?"

Mkuu, nimepokea nyumba za namna hiyo mara nyingi, na kosa langu la mwanzo lilikuwa kuhesabu jumbe zilizojibiwa. Mpangaji huandika matatizo matatu au manne kwa pumzi moja, wakala akajibu moja tu, na ujumbe wote ukaonekana umeshughulikiwa. Hesabu vitu vilivyoharibika. Kila kitu kipe mstari wake kwenye daftari, kisha kifuate peke yake kuanzia siku kilipotajwa mara ya kwanza hadi neno la mwisho lililosemwa juu yake.

Nitakupitisha kwenye nyumba moja niliyoipokea, kwa sababu karibu kila mtego ulikuwemo. Ujumbe uliokuwa mzito kuliko wote uliandikwa Jumatatu tarehe 4 Machi:

"Habari za asubuhi. Dari ya chumbani ina doa la maji, bomba la chini ya sinki linavuja, kitasa cha mlango wa nyuma kimelegea. Na ile soketi bado."

Hapo pana vitu vinne. Cha nne ndicho kinachopotea kirahisi, kwa kuwa hakielezwi. Neno "ile" na neno "bado" yanakuambia kwamba habari ya soketi ilishaandikwa zamani, kwa hiyo rudi nyuma uitafute. Tafuta kwa majina yote ambayo mtu angeweza kuyatumia: soketi, swichi, umeme, cheche, hata "ile ya jikoni". Niliikuta tarehe 11 Februari: akichomeka birika soketi inatoa cheche, na picha ya soketi yenye weusi pembeni. Wakala alikuwa amejibu mambo ya kodi siku hiyo, soketi hakuigusa kabisa. Kwa hiyo lalamiko hilo lilikuwa na umri wa wiki tatu ilipofika 4 Machi, na lilikuwa la hatari kuliko yote. Cheche na weusi kwenye soketi ni dalili ya mguso uliolegea unaopata joto, na joto hilo linaweza kuwasha moto. Kitu cha aina hiyo kikiwa wazi kwenye orodha, mpigie mpangaji siku hiyohiyo aache kuitumia soketi hadi fundi umeme afike. Usisubiri mkutano.

Sasa jibu la wakala, siku ileile ya 4 Machi: "Pole sana. Fundi atakuja kesho kutwa saa nne kuangalia bomba. Hayo mengine nitaongea na mwenye nyumba."

Soma vitenzi polepole. Kuna ahadi mbili hapa, na hazilingani. Ya kwanza ina mtu, kitu na siku: fundi, bomba, kesho kutwa. Andika tarehe halisi palepale, yaani Jumatano 6 Machi, kwa sababu "kesho kutwa" ikihamia kwenye orodha yako bila tarehe haina maana tena. Saa nayo iandike wazi, saa nne asubuhi. Nimeona mtu akisoma "saa nne" kwa macho ya saa ya simu, akaandika kwamba fundi aliahidiwa alfajiri. Angalia pia kwamba fundi aliahidiwa kuja "kuangalia". Kutengeneza hakukutajwa.

Ahadi ya pili ni ya kuongea. Wakala hakusema dari, kitasa na soketi vitatengenezwa. Alisema ataongea na mwenye nyumba. Kwenye orodha yako iandike hivyohivyo, kwa maneno yake, maana ukiandika "aliahidi kutengeneza dari" umemwekea mwenye nyumba deni ambalo hakuna aliyelikubali. Na ukiifuta kwa kuwa ni maneno matupu, umemnyima mpangaji kitu alichokuwa akikisubiri kwa haki: majibu. Ahadi ya kuongea inatimia pale mpangaji anapoletewa jibu, liwe la ndiyo au la hapana. Nilisoma hadi mwisho, jibu halikuletwa popote. "Usijali" na "tutaona" mimi siziandiki kama ahadi, ila naandika tarehe zake, kwani zinaonyesha kuwa wakala alishajua.

Jioni ya tarehe 6 mpangaji aliandika: "Fundi amekuja." Wakala: "Safi." Kwenye kumbukumbu za ofisi suala la sinki lilifungwa siku hiyo. Lakini kuja kwa fundi si kutengenezwa kwa bomba. Ahadi ya kuja ilitimia, tatizo likabaki lilivyo hadi mtu aseme maji yameacha kuvuja. Ndiyo maana daftari langu lina safu mbili tofauti, ya ahadi na ya tatizo, na kila moja hufungwa kwa ushahidi wake. Kinyume chake pia hutokea: fundi haji, mpangaji anarekebisha mwenyewe, tatizo linakwisha huku ahadi imevunjwa na pengine kuna fedha za kumrudishia.

Tarehe 9 mpangaji akasema: "Maji bado yanadondoka chini ya sinki." Jibu: "Fundi anasubiri mpira wa kuungia, akiupata atarudi." Hiyo -ki- ya "akiupata" ni ya kuangaliwa. Ahadi imefungwa kwenye sharti, na sharti halina mwenyewe. Nani ananunua mpira? Lini? Hakuna aliyesema. Niliandika: ahadi ya sharti, mwenye kutimiza sharti hajulikani. Ahadi za namna hii ndizo zinazokaa miezi, kwa kuwa kila upande unaamini zamu ni ya mwingine.

Kisha likaja neno ambalo lilikaribia kuniharibia orodha yote. Jumatatu tarehe 18 Machi wakala aliandika, bila kutaja kitu: "Fundi anasema kimeshatengenezwa." Mpangaji akajibu: "Sawa, nimeona, asante." Mimi nilikuwa nasoma habari ya sinki mfululizo, nikaweka alama kwamba bomba limekwisha. Usiku nikiwa napitia tena, nikasimama kwenye ki-. Bomba lingekuwa limeshatengenezwa. Doa lingekuwa limeondolewa. Soketi ingekuwa imetengenezwa. Katika vitu vinne vile, kinachoitika kwa ki- ni kitasa peke yake. Lugha yetu inakupa msaada huo bure, utumie: kila unapokuta "imeisha", "limekaa sawa" au "vimeletwa" bila jina, rudi kwenye orodha uone ni kitu gani kinapatana na kiambishi hicho.

Msaada huu una mpaka wake. I- huwa haitoshi, kwa sababu watu husema "imeisha hiyo" au "imetengenezwa" kwa jambo lolote, tena walio wengi hulegeza upatanisho wanapoandika haraka. Ki- na li- hutumika kwa kukusudia zaidi, lakini nazo zichukue kama fununu, kisha tafuta neno la pili la kuthibitisha. Hapa lilikuwepo: tarehe 21 mpangaji alituma picha ya ndoo chini ya sinki, bila neno hata moja. Picha isiyo na maneno ni lalamiko kamili, iandike na tarehe yake.

Dari nayo ilinifundisha jambo. Baada ya 4 Machi haikutajwa popote, na mtu angeweza kuamini kimya kile ni dalili ya kuridhika. Kisha Jumanne tarehe 2 Aprili: "Doa limerudi juu ya rangi." Neno "limerudi" lina habari mbili ambazo hazikuandikwa kokote. Ya kwanza, kuna mtu alipaka rangi, kwa hiyo kazi fulani ilifanyika na huenda mapatano yake yalikuwa ya mdomo. Ya pili, chanzo cha maji hakikuguswa, maana doa la maji hupenya rangi mpya ikiwa unyevu bado upo juu yake, na wakati mwingine hata baada ya kukauka kama halikupakwa rangi ya kuzibia kwanza. Nikaandika: dalili imefunikwa kwa rangi, chanzo hakijatafutwa, tatizo liko wazi tangu 4 Machi. Usiianze hesabu upya tarehe 2 Aprili, kwa kuwa ni tatizo lilelile.

Ujumbe wa mwisho ulikuwa wa tarehe 14 Mei: "Kama tulivyoongea jana, nasubiri Ijumaa." Hatuna rekodi ya simu hiyo. Ijumaa ni tarehe 17, hilo linajulikana, lakini cha kufanyika siku hiyo hakijulikani. Niliiweka peke yake, chini kabisa: ahadi kwa mujibu wa mpangaji, kitu hakikutajwa. Usijaze pengo kwa kukisia kwamba ni sinki. Ukikisia, utaingia kwenye mazungumzo na uhakika ambao huna.

Basi orodha ikabaki hivi. Soketi: wazi tangu 11 Februari, hakuna ahadi ya kutengeneza, iliahidiwa kuongelewa na mwenye nyumba, jibu halikuletwa. Bomba la sinki: wazi tangu 4 Machi, fundi alikuja tarehe 6, aliahidiwa kurudi akipata mpira, hakuna dalili kwamba alirudi. Dari: wazi tangu 4 Machi, imepakwa rangi tu, nayo jibu la mwenye nyumba halikuletwa. Kitasa: kimetengenezwa, kinasubiri mpangaji akithibitishe. Ijumaa 17 Mei: ahadi ya simu, ya kuulizwa. Kila mstari una tarehe ya ujumbe ulikotoka, ili mpangaji akisema sivyo tuufungue pamoja tuusome.

Nilipofika kwake sikuanza kwa kuuliza "kuna shida gani?", kwani alishaandika shida zake kwa miezi mitatu na swali hilo lingemwambia hakuna aliyesoma. Nilimsomea mstari mmoja mmoja, nikanyamaza asahihishe. Kitasa alikubali. Ya Ijumaa ilikuwa fundi umeme, ambaye hakuja. Kuhusu dari nilimuuliza doa linakua wakati gani: mvua ikinyesha, wa juu wakioga, au muda wote? Akasema wa juu wakioga. Hapo fundi bomba tulimpeleka orofa ya juu aanze na maungio ya sakafu ya bafu na bomba la maji machafu, badala ya kupanda kwenye paa. Swali hilo liweke tayari kwa kila doa la maji utakalolikuta kwenye jumbe, na kabla hujauliza, angalia tarehe alizolilalamikia.